Gramu za Tisheti: Mafunzo Niliyopata Kwenye Stoo ya Sare, Al Wukair

Al Wukair iko kusini mwa Doha, ubavuni mwa Al Wakrah, mji ambao zamani uliishi kwa uvuvi na lulu. Bahari iko karibu, kwa hiyo joto la huku lina sura mbili. Juni upepo wa shamali hutoka kaskazini-magharibi ukiwa mkavu na umebeba vumbi. Agosti upepo hulegea, na unyevu wa bahari huingia hadi ndani ya ua. Kitambaa kinachofaa katika hali moja hakifai sana katika nyingine, na mtu anayevalisha wafanyakazi lazima ajue hivyo.

Mimi ni mtunza stoo ya sare. Kampuni yetu inapeleka walinzi, wasafishaji na madereva kwenye makazi na maghala ya huku. Wengi wao ni Wakenya na Waganda, na Watanzania wapo pia. Tisheti zao hupita mikononi mwangu zikiwa mpya kwenye katoni, kisha hurudi zimechoka ili nitoe nyingine. Kuona mwanzo na mwisho wa tisheti ileile kumenifunza mambo ambayo lebo ya shingoni haisemi. Mengine nimefunzwa na fundi wetu wa cherehani, mzee wa Kitamil kutoka Tiruppur, mji wa India unaoishi kwa kushona tisheti za kuuzwa nje. Stoo nzima inamwita Masta.

1. Namba inasema pamba ni kiasi gani. Haisemi ni pamba gani.

Mteja anaposikia "GSM 160", maana yake ni kwamba ukikata kipande cha kitambaa hicho chenye urefu wa mita moja na upana wa mita moja, ukakiweka kwenye mizani, kitasoma gramu 160. Namba hiyo haihesabu kitu kingine. Wafanyabiashara wa huku huita nyepesi ile iliyo chini ya gramu 150 hivi, ya kati ile ya 150 hadi 190, na nzito ile inayovuka 200. Mipaka hiyo si sheria, na kila kiwanda huivuta kwa upande wake. Tisheti ya Gildan namba 5000, ambayo mtengenezaji mwenyewe ameipa jina la pamba nzito, ni ya gramu 180 tu. Ukiagiza kwa neno "nzito" bila namba, utaletewa chochote.

Masta ndiye aliyenionyesha gramu zinakotoka. Kitambaa cha tisheti si cha nyuzi zilizonyooka na kukatizana kama kanga au kitenge. Kimefumwa kwa vitanzi vilivyoshikana, ndiyo maana kinavutika. Uzito wake unatokana na mambo mawili: unene wa uzi, na jinsi vitanzi vilivyobanwa. Uzi wa pamba huuzwa kwa namba, na namba ikiwa kubwa uzi ni mwembamba. Kitambaa cha gramu 140 hadi 150 kwa kawaida hufumwa kwa uzi namba 30. Ukienda kwenye 160 na 180 utakuta namba 24, na ukikaribia 200 utakuta namba 20.

Sasa chukua vitambaa viwili vya gramu 180. Kimoja kimefumwa kwa uzi mnene na vitanzi vikaachwa wazi. Kingine kina uzi mwembamba zaidi na vitanzi vimebanwa. Mizani itasema ni ndugu, lakini kivute kile cha kwanza mbele ya dirisha utaona mwanga ukipita kwenye matundu, na ukikiachia hakirudi vizuri. Cha pili kinarudi mara moja. Vidole navyo vina ushahidi wao. Uzi wa bei rahisi, uliosokotwa kwa mashine ya kasi inayopuliza nyuzi kwa hewa, una ukavu fulani. Uzi uliochanwa, yaani ule ambao nyuzi fupi za pamba zimetolewa kabla ya kusokotwa, huteleza chini ya kidole gumba. Wachuuzi wa mitumba wa Gikomba na Karume wanaijua tofauti hiyo gizani, bila kutaja gramu hata moja.

2. Pima mwenyewe. Vifaa ni vya bei ndogo.

Viwanda vina kikataji cha mviringo chenye kipenyo cha sentimita 11.28. Kipimo hicho kimechaguliwa kwa sababu duara lake lina eneo la sentimita 100 za mraba, yaani sehemu moja ya mia ya mita ya mraba. Unakata, unapima, unazidisha kwa 100. Kipande cha gramu 1.6 ni kitambaa cha gramu 160.

Sisi hatuna kikataji hicho. Tunatumia rula, kalamu, mkasi wenye makali na mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi sehemu moja ya mia ya gramu. Tunachora mraba wa sentimita 10 kwa 10 kwenye tisheti ya sampuli, tunaukata, na hesabu ni ileile. Kazi yote iko kwenye ukataji. Ukikosea milimita mbili kila upande, umeongeza au kupunguza asilimia nne, na hapo hujui tena kama kosa ni la kitambaa au la mkasi. Laza kitambaa mezani bila kukivuta na uache kitulie. Kata vipande vitatu kutoka sehemu tofauti za kifua na mgongo, mbali na pindo, mshono na chapa.

Kama huruhusiwi kukata, pima tisheti nzima. Saizi kubwa, ile ya herufi L, mara nyingi ina upana wa sentimita 56 na urefu wa 74. Mbele na nyuma pamoja ni karibu mita za mraba 0.83. Mikono miwili huongeza takriban 0.16. Ukitoa nafasi ya shingo na makwapa, ukaongeza mapindo na ukanda wa shingo, unafika karibu mita moja ya mraba kamili. Kwa hiyo tisheti ya pamba ya saizi L ina uzito wa gramu unaokaribiana sana na GSM yake. Ikisoma 135 na lebo inasema 180, huna haja ya mkasi. Saizi M hupungua kwa kiasi cha moja ya kumi, na XL huzidi kwa kiasi hichohicho.

Jambo moja hapa huwasumbua hata wazoefu. Pamba hunywa unyevu kutoka hewani. Katika maabara, ambako hewa huwekwa kwenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba maji ya karibu asilimia 8.5 ya uzito wake mkavu. Chumba chenye kiyoyozi mchana kutwa kina hewa kavu zaidi, na pamba huachia sehemu ya maji hayo. Stoo iliyofunguliwa mlango usiku wa Agosti huyaongeza. Sampuli moja ikipimwa ofisini na nyingine kwenye mlango wa ghala, tofauti ya asilimia tatu au nne inaweza kuwa ya hewa tu. Mimi hulaza sampuli zote usiku kucha kwenye meza moja, nje ya mifuko ya plastiki, kisha nazipima pamoja. Hata hivyo siwezi kudai usahihi wa maabara. Kwenye biashara hii tofauti ya asilimia tano juu au chini hukubaliwa, na mizani yetu inatosha kumkamata aliyevuka hapo.

Wauzaji wanaofuata vipimo vya Marekani hutaja aunsi kwa yadi ya mraba. Zidisha kwa 33.9 upate gramu. Aunsi 5.3 ni 180, na aunsi sita zinapita kidogo 203.

3. Uzito wa kweli ni ule wa baada ya kufua.

Hili ndilo funzo ninalolithamini kuliko yote, na linahitaji mfano.

Tulipokuwa tukichagua tisheti za msimu wa joto, msambazaji mmoja alileta sampuli iliyoandikwa 160. Ilikuwa laini, imenyooka, ya kupendeza. Vipande vitatu vilisoma gramu 1.50, 1.53 na 1.51, yaani wastani wa 151. Mpaka wa chini wa asilimia tano ni 152, kwa hiyo ilikuwa imetoka nje kwa upana wa unywele. Mtu mwenye haraka angesema bora iende.

Tuliifua tisheti nyingine ya katoni ileile kwa maji ya nyuzi 40, tukaikausha kwenye mashine kama wanavyofanya kwenye dobi la makazi ya wafanyakazi, tukaipima tena. Urefu ulikuwa umeshuka kutoka sentimita 74 hadi 69.5. Upana ulitoka 56 ukawa 54. Eneo lilikuwa limebaki asilimia 90 ya lile la mwanzo. Tulipokata mraba mpya, mizani ilisoma 1.64, yaani gramu 164.

Hakuna pamba iliyoongezeka. Ni pamba ileile iliyojikusanya kwenye eneo dogo. Masta alicheka aliponiona nikirudia hesabu, kisha akanieleza kwa mikono yake. Kiwandani kitambaa cha vitanzi huuzwa kwa kilo. Kikishapakwa rangi hupitishwa kwenye mashine ndefu yenye joto ambayo hushika kingo zake na kukiweka kwenye upana unaotakiwa. Ukikivuta zaidi ya pale kinapotaka kukaa, kilo ileile inatoa mita nyingi zaidi. Kwa gramu 164, kilo moja ni mita za mraba 6.1. Kwa gramu 151 ni 6.6. Kwenye oda ya maelfu, tofauti hiyo ni maboksi mazima ya tisheti zilizotoka bila pamba ya ziada. Halafu kitambaa kinaingia kwenye maji ya mvaaji, kinakumbuka umbo lake, kinarudi. Mlinzi anabaki na tisheti inayotoka kwenye mkanda kila akinyoosha mkono.

Sampuli ya pili iliandikwa 170. Ikiwa mpya ilisoma 174. Baada ya kufua, urefu ulipungua sentimita mbili na upana sentimita moja, na mizani ikasema 180. Ile ilikuwa imebanwa vizuri kiwandani kabla ya kukatwa, na kupungua kwa asilimia mbili au tatu kwa pamba ni jambo la kawaida. Ndiyo tuliyoichagua, ingawa ilikuwa ghali kuliko ya kwanza.

Kufua kunafichua kitu kingine pia: dawa ya kulainisha. Viwanda huipaka mwishoni ili kitambaa kiwe na mguso wa hariri dukani. Huondoka kidogo kidogo kwenye mifuo ya mwanzo, na hapo ndipo unapokutana na uzi wenyewe. Sampuli ambayo haijafuliwa inakuonyesha dawa. Angalia pia mshono wa ubavuni. Laza tisheti iliyofuliwa chali na ufuate mshono kutoka kwapani hadi kwenye pindo. Ukiona umezunguka ukaja mbele ya tumbo, uzi ulisokotwa kwa nguvu na haukutulizwa, na hakuna pasi itakayourudisha.

4. Nyepesi ni rafiki wa Juni kuliko Agosti.

Kila anayekuja Ghuba mara ya kwanza huamini kwamba kitambaa chepesi ndicho cha joto. Kuna ukweli ndani yake. Tisheti ya gramu 130 au 140 haikai mwilini kama mzigo. Hewa hupita kati ya vitanzi, na upepo mkavu wa shamali hukausha jasho kabla halijafika kwenye mkanda. Jioni ukiifua na kuianika kwenye kamba ya bafuni, alfajiri unaivaa. Kwa mtu mwenye tisheti chache, hilo si jambo dogo.

Agosti mambo hubadilika. Hewa ikishajaa unyevu, jasho halina pa kwenda, na tisheti nyepesi hulowa yote. Ikilowa haina mwili wa kusimama mbali na ngozi. Inanata mgongoni na kifuani, na ile nafasi ndogo ya hewa iliyokuwa ikikupoza inazibwa. Walinzi wetu walilieleza hivyo wenyewe, na waliokuwa na tisheti za uzito wa kati walisema zinalowa pia, lakini zinaning'inia badala ya kubandika. Qatar imepiga marufuku kazi za nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, na kanuni ya mwaka 2021 ndiyo iliyouweka muda huo. Zamu za nje zinazobaki ni za asubuhi na za usiku, na usiku wa Agosti ndio wenye unyevu mkubwa. Kwa hiyo mvaaji wetu anapambana na unyevu zaidi kuliko jua, na hili halikuwa kwenye hesabu ya yeyote aliyetaka "nyepesi kabisa".

Jua nalo lina neno lake. Pamba nyeupe nyepesi hupitisha sehemu ya miale inayochoma ngozi, na ikilowa hupitisha zaidi. Rangi iliyokolea huzuia vizuri kuliko nyeupe, lakini hupata joto zaidi ukisimama juani. Dereva anayekaa na bega moja dirishani apewe rangi iliyokolea au kitambaa kizito kidogo.

Na kudumu? Nyepesi hufa tumboni. Vitundu vidogo, vya ukubwa wa kichwa cha pini, hujitokeza pale kitambaa kinapobanwa kati ya bizimu ya mkanda na kitu kigumu: ukingo wa meza, kaunta, usukani. Uzi namba 30 ukikatika mmoja, kitanzi chake kinafunguka na jirani yake anafuata. Nilirudishiwa nyingi zikiwa na rangi nzuri bado, shingo imekaa, lakini tumboni zimekuwa chujio. Mnaozikumbuka fulana za kampeni za uchaguzi kwetu, zile zinazogawiwa kutoka juu ya gari, mnaijua hali hiyo. Zile hutengenezwa zidumu hadi siku ya kura, na gramu zake zimehesabiwa kwa bajeti.

5. Gramu 160 hadi 180 ndizo zinazochoka pole pole.

Nasema hili kwa kazi na kwa mahali hapa, si kwa kila mtu. Tisheti ya kati ikirudi stoo, mara nyingi kitambaa chenyewe bado kizima. Kilichochoka ni rangi, iliyochujuka mabegani chini ya kamba za koti la kuakisi mwanga, au shingo iliyolegea. Shingo hailegei kwa sababu ya gramu za mwili wa tisheti. Hulegea kwa sababu ukanda wake ni mwepesi kuliko mwili, au hauna uzi wa mpira ndani. Vuta shingo ya sampuli hadi ipite kichwa, iachie, subiri kidogo. Isiporudi sawa ikiwa mpya, haitarudi kamwe.

Uzito huu una faida ambayo haionekani hadi uletewe sindano. Jina la kampuni likidariziwa kwenye kitambaa cha gramu 140, kifua hukunjamana kuzunguka herufi, kwa sababu nyuzi za darizi zina nguvu kuliko kitambaa kinachozibeba. Masta huweka tabaka mbili za karatasi ya kushikia nyuma yake, na bado mvaaji huhisi kipande kigumu juu ya moyo. Kwenye 170 tabaka moja linatosha. Hata sindano ya kushonea hubadilika: kitambaa chepesi kinataka namba 70 au 75, yenye ncha ya mviringo inayosukuma uzi kando. Cha kati kinakubali 80. Fundi akiacha sindano ya 90 aliyoshonea kitu kizito akaendelea na chepesi, utaona safu ya vitundu kandokando ya mshono baada ya kufua mara moja. Wengi huilaumu pamba wakiona hivyo.

6. Nzito hudumu kitambaa, lakini si lazima idumu mwilini.

Tuna chumba cha kamera ambako kiyoyozi hakizimwi, na waliomo huvaa tisheti za gramu 220. Hao wameridhika. Kitambaa kimesimama, mabega yana umbo, na ukitoka kufua huhitaji pasi kali. Januari, usiku wa Al Wukair ukipoa kweli na upepo ukitoka jangwani, hata walinzi wa geti huziomba. Kwa mtu wa Limuru au wa Arusha aliyezoea baridi ya asubuhi, ni nguo nzuri ya kurudi nayo nyumbani. Akumbuke tu kwamba ishirini za saizi kubwa zinakaribia kilo nne na nusu kwenye begi lake.

Shida ni maji. Pamba iliyotoka kukamuliwa kwenye mashine bado hubeba maji zaidi ya nusu ya uzito wake. Tisheti ya gramu 140 inaanikwa na maji ya gramu 80 hivi, na ya 220 na maji ya gramu 120 au zaidi, tena kwenye kitambaa kinene ambacho hewa haikipenyi kwa urahisi. Ndani ya chumba cha watu wengi, wakati wa unyevu, haikauki hadi asubuhi. Mtu anaivaa ikiwa na ubichi kwapani na kwenye mapindo. Siku ya tatu ina harufu ambayo sabuni haitoi. Nzito nyingi zilizorudi kwangu hazikuwa na tundu hata moja. Zilikuwa zimekakamaa makwapani kwa jasho na dawa ya kwapa, zina manjano, na wenyewe hawataki kuzivaa tena. Mizani ilizihesabu kuwa imara, na kwa kweli zilikuwa imara, lakini maisha yao yalikuwa yamekwisha. Tangu hapo nikiulizwa tisheti itadumu muda gani, nauliza kwanza: utaianika wapi?

7. Gramu 150 za jezi si gramu 150 za pamba.

Timu za mpira za Waafrika Mashariki huku huniuliza sana hili. Poliesta haifanani na pamba katika kunywa unyevu: hewani hubeba chini ya asilimia moja. Jezi ya gramu 150 hukauka ikiwa mgongoni mwako, haipungui kwenye maji, na vitundu vya tumboni huchelewa. Lakini hushika harufu ya mafuta ya mwili, na ukikaa nayo bila kukimbia, jasho huteleza chini yake badala ya kunyonywa. Ulinganishe pamba na pamba, poliesta na poliesta. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu uko katikati kwa kila jambo, isipokuwa vijidonge vya nyuzi mabegani, ambavyo kwake huwa vingi kuliko kwenye pamba au poliesta tupu, kwa sababu poliesta iliyo imara hukataa kuachia nyuzi zilizokatika.

8. Agizo liandikwe kwa namba zinazoweza kupimwa.

Siku hizi karatasi yetu ya oda ya walinzi na madereva ina mistari michache. Pamba tupu, uzi uliochanwa, namba 24. Gramu 170 zikipimwa kwenye kitambaa kipya, pungufu au zidio la asilimia tano. Baada ya kufua mara moja kwa nyuzi 40 na kukausha kwa mashine, urefu usipungue zaidi ya asilimia tano, upana pia. Mshono wa ubavu usizunguke zaidi ya sentimita tatu kwenye pindo. Ukanda wa shingo uwe na uzi wa mpira. Sampuli tatu kutoka kwenye katoni tutakazochagua sisi, wala si zile zinazoletwa kwenye mfuko.

Mstari wa mwisho ndio unaobishaniwa. Msambazaji mwaminifu huukubali bila maneno, kwa sababu katoni zake zote zimetoka kwenye kitambaa kimoja. Mwingine husema muda hautoshi, au kwamba katoni zimeshafungwa kwa utepe na haipendezi kuzifungua. Mimi huwa na mkasi mfukoni. Nafungua ya chini kabisa kwenye rundo, natoa saizi L moja, naiweka kwenye mizani. Ikisoma kati ya 160 na 180, naendelea kuhesabu katoni.